Malaria inavyomaliza chembe nyekundu za damu, na kwa nini mwenye AS hazidiwi kirahisi

Kuna maneno mawili yanazunguka sana watu wakiongelea malaria na sikoseli. La kwanza, eti ukiwa AS, yaani umerithi sikoseli upande wa mzazi mmoja tu, huwezi kuugua malaria. La pili, ambalo ndo linaniumiza zaidi, eti mtoto mwenye sikoseli yenyewe, yaani SS, ndo kakingwa kabisa maana damu yake ina S mbili. La kwanza ni ukweli uliokatwa nusu, la pili ni uongo na unaua watoto. Na yote mawili yametokea kwenye jambo la kweli ambalo watu wamelisikia juujuu tu, kwa hiyo tulifungue taratibu.

Kwanza tukubaliane na maneno. Chembe nyekundu ni zile chembe za damu zinazobeba oksijeni, na ndani yake zimejaa protini inaitwa himoglobini, hiyo ndo inaishika oksijeni na ndo inaipa damu rangi. Kila mtu anarithi maelekezo ya kutengeneza himoglobini mara mbili, moja kwa mama moja kwa baba. Ukipata ya kawaida pande zote unaitwa AA. Ukipata ya kawaida upande mmoja na ya sikoseli upande wa pili unaitwa AS, huyu si mgonjwa, ni mbebaji tu, na haigeuki kuwa ugonjwa hata akizeeka. Ukipata ya sikoseli pande zote mbili ndo SS, na huo ndo ugonjwa wenyewe wa selimundu. Malaria ninayoongelea hapa ni ile inayoletwa na kimelea kinachoitwa plazmodiamu falsiparamu, ndicho kinachoua kuliko aina nyingine zote.

Sasa mbu jike wa anofelesi akikuuma haviingii vimelea vingi, ni vichache tu, na wala haviendi kwenye chembe nyekundu moja kwa moja. Vinakimbilia kwenye ini, vinakaa huko kama wiki moja vinazaliana kimyakimya, huna homa wala huna chochote, alafu seli moja ya ini iliyoshambuliwa inaachia makumi ya maelfu ya vimelea vidogo kwenye damu. Hapo ndo kazi inaanza.

Kimelea kikikutana na chembe nyekundu kinajigeuza mpaka ncha yake iikabili ile chembe, kinashika, kinajisukuma ndani, na yote hiyo inachukua kama dakika moja au chini ya hapo. Na kimechagua mahali pazuri kweli, kwa sababu chembe nyekundu haina kiini, haiwezi kutoa ile ishara ambayo seli nyingine za mwili hutoa kuwaambia askari wa kinga kwamba nimevamiwa njooni mniue. Kimelea kikishaingia kina masaa kama 48 ya kufanya mambo yake. Masaa ya mwanzo ni kidude chembamba cha duara, ukikiangalia kwenye hadubini kinaonekana kama kipete. Baadae kinanenepa na kuanza kula himoglobini kwa fujo, zaidi ya nusu ya himoglobini yote iliyopo inaliwa. Lakini himoglobini ina sehemu yenye chuma inaitwa himu, na hiyo ni sumu kwa kimelea chenyewe, kwa hiyo inabidi kiigandishe iwe fuwele za rangi ya kahawia nyeusi ambazo hazina madhara kwake. Yale madoa meusi ambayo mtu wa maabara anayaona ndani ya kimelea kilichokomaa ni hayo, ni mabaki ya chakula chake. Mwisho wa hayo masaa 48 kimelea kimoja kimejigawa kuwa vingi, mara nyingi kati ya 16 na 32, chembe inapasuka, vinatoka na kila kimoja kinatafuta chembe yake mpya. Uchafu unaomwagika chembe zinapopasuka ndo unaamsha kinga ya mwili na ndo unapata homa, kutetemeka, kichwa kuuma na kuchoka kama umepigwa.

Hebu tupige hesabu hapa maana bila hesabu mtu haoni uzito wake. Chukua mtoto wa kilo kama 12 hivi, ana damu ya karibu lita moja, na ndani yake kuna chembe nyekundu kama trilioni 4. Tuseme ini limeachia vimelea 10,000. Si vyote vitakavyofanikiwa kuingia kwenye chembe mpya, vingi vinakufa njiani, kwa hiyo tuseme kila kimoja kinaacha 10 vinavyofanikiwa kila baada ya siku mbili. Siku ya pili ni laki moja, ya nne ni milioni, ya sita milioni 10, ya nane milioni 100, ya kumi ni bilioni, ya kumi na mbili bilioni 10, ya kumi na nne bilioni 100. Bilioni 100 kati ya trilioni 4 ni chembe mbili na nusu katika kila mia. Unaweza kuona kama ni ndogo ila kwa mtoto asiye na kinga hapo hali tayari ni ya hatari, na mzunguko mmoja mbele ingekuwa chembe moja katika kila nne. Kwa hali halisi hesabu hainyooki hivo, homa inapanda, kinga inaamka, dawa zinaingia, lakini ndo maana malaria kali kwa mtoto inaweza kumgeuka ndani ya siku moja tu, asubuhi anacheza jioni hajitambui.

Itunze hiyo namba 10, tutairudia.

Kuna jambo moja ambalo bila kulielewa huwezi kuelewa AS inasaidiaje. Mwilini una bandama, wengine wanaiita wengu, iko upande wa kushoto chini ya mbavu, na kazi yake mojawapo ni kukagua chembe nyekundu. Chembe nzima inanyumbuka na kupenya kwenye vinjia vyembamba mno vya bandama, iliyozeeka au iliyokakamaa inakwama na kuliwa na seli zilizoko pale. Chembe yenye kimelea kilichonenepa imekakamaa, kwa hiyo ikipita bandamani inakamatwa. Kimelea kinakwepaje? Kinatengeneza protini yake na kuipitisha mpaka juu ya ngozi ya chembe, inatokeza kwenye vinundu vidogovidogo, na vinundu hivo vinang'ang'ania kuta za mishipa midogo ya damu kama mbegu za kishonanguo zinavyong'ang'ania nguo ukipita porini. Chembe ikishanata pale haizunguki tena, haifiki bandamani, kimelea kinamalizia nusu ya pili ya maisha yake kikiwa kimejificha.

Huko kujificha ndo kunaleta maafa makubwa ya malaria. Mishipa midogo inaziba, ikiwa ni ya ubongo mtoto anapata degedege na kupoteza fahamu, hiyo ndo malaria ya ubongo. Kwa mama mjamzito chembe zinanata kwenye kondo la nyuma na mtoto tumboni anakosa chakula cha kutosha. Ndo sababu pia damu iliyochukuliwa kwenye kidole inaonesha zaidi vile vipete vichanga, vilivyokomaa vimebaki vimenata ndani huko, na unaweza kukuta mgonjwa yuko hoi ila kwenye kioo vimelea vinaonekana vichache. Ukiambiwa "wadudu ni wachache" usidhani basi na ugonjwa ni mdogo, angalia mgonjwa.

Na upungufu wa damu je? Watu wengi wanadhani damu inaisha kwa sababu tu chembe zinapasuka. Zinapasuka kweli, lakini hesabu haitoshi, mtoto anaweza kupoteza nusu ya damu yake wakati chembe zilizokuwa na vimelea hazikufika hata tano kwa mia. Kumbe chembe nyingi zinazopotea hazikuwa na kimelea kabisa. Makadirio yanayotumika sana yanasema kwa kila chembe yenye kimelea inayokufa, kama 8 hivi zisizo nacho zinapotea nayo, kwa sababu zimepakwa uchafu wa vimelea, zimekakamaa, na bandama iliyochachamaa haichagui tena sana. Wakati huohuo uboho ulioko ndani ya mifupa, ambao ndo kiwanda cha chembe mpya, unazubaishwa na ugonjwa na hautoi mpya kwa kasi inayotakiwa. Kwa hiyo damu inapungua pande zote, zinazokufa ni nyingi, zinazozaliwa ni chache. Mtoto mwenye viganja vyeupe, anayehema harakaharaka, macho ya njano au mkojo wa rangi ya kola, huyo si wa kusubiri kesho. Himoglobini ikishuka chini ya gramu 5 kwa desilita ni upungufu mkali, mara nyingi anahitaji kuongezewa damu.

Sasa tuingie kwenye S.

Himoglobini ina minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta. Mnyororo wa beta una asidi amino 146 zimepangwa kwa mstari, na tofauti ya A na S ni moja tu, ile ya sita, badala ya asidi ya glutamiki imekaa valini. Moja kati ya 146. Lakini valini haipendi maji, na himoglobini yenye S ikiachia oksijeni yake hiyo valini inajishikiza kwenye himoglobini ya jirani, hiyo nayo inashika nyingine, mpaka zinatengeneza nyuzi ndefu ngumu ndani ya chembe. Nyuzi zikiwa nyingi zinaivuta chembe iwe na umbo la mundu. Oksijeni ikirudi nyuzi zinaachana.

Kwa mtu wa AS kila chembe nyekundu ina himoglobini mchanganyiko, S ni kama asilimia 40 na A ndo zaidi ya nusu. Hapa watu wengi wanachanganya, wanadhani AS ana chembe zingine nzima na zingine mbovu, hapana, kila chembe ina zote mbili. Ile A inaingilia na kuzuia nyuzi zisijengeke, kwa hiyo katika maisha ya kawaida chembe zake hazijikunji, anakimbia, anacheza, anafanya kazi, wala hajui kama ni AS mpaka apime.

Alafu anaingia kimelea. Kimelea ni kiumbe hai, kinatumia oksijeni, kinatema asidi, na asidi inaifanya himoglobini iachie oksijeni mapema zaidi. Yaani kimelea kwa kuishi kwake tu kinaleta ndani ya chembe yale mazingira ambayo S inayasubiri. Mwaka 1970 Lusio Luzato na wenzake wakiwa Ibadan, Nigeria, walionesha kwamba ukichukua damu ya mtu wa AS yenye malaria, chembe zenye kimelea zinageuka mundu kirahisi mara kadhaa kuliko zile zisizo nacho kwenye damu hiyohiyo. Chembe iliyojikunja ni ngumu, bandama inaikamata, kimelea kinaliwa na chembe yake kabla hakijazaa. Hiyo ni njia ya kwanza, na inategemea bandama nzima, liweke hilo akilini.

Njia ya pili ndo mimi naiona nzuri kuliko zote. Nimesema kimelea kikikomaa kinanata kwenye mishipa midogo ili kiikwepe bandama, sasa huko kwenye mishipa midogo ndo sehemu oksijeni ilipo chache, maana damu ndo inaigawa pale kwa mwili. Kwa chembe ya AA haina shida. Kwa chembe ya AS nyuzi za S zinaanza kujengeka humo ndani, na kimelea kinadumaa, hakikui vizuri, hakijigawi, vingine vinafia palepale. Kwa hiyo maficho yake yamekuwa mtego. Kisipojificha bandama inakikamata, kikijificha kinakosa kukua. Maabara imeonesha hivo wazi, kwenye oksijeni ya kutosha vimelea vinakua ndani ya chembe za AS karibu sawa na ndani ya AA, ukiipunguza oksijeni vinakwama.

Na ya tatu, hata kule kunata kwenyewe hakuendi vizuri. Kwenye chembe za AS mpangilio wa ndani unavurugika, ile protini ya kunatia inafika juu ya ngozi kidogo na vinundu vinakaa ovyo, kwa hiyo chembe inashika ukuta kidhaifu. Mishipa ya ubongo haizibwi sana, na zinazoachia zinarudi kuzunguka na kupita bandamani. Wataalam bado wanabishana ipi kati ya hizi ina uzito zaidi na kuna nyingine zinazohusu kinga ya mwili, ila hakuna inayopinga nyingine, zote zinasukuma upande mmoja.

Sasa turudi kwenye ile namba 10. Mtoto yuleyule, damu ileile, vimelea 10,000 vilevile, ila huyu ni AS na tuseme kila kimelea badala ya kuacha 10 kinaacha 5. Ni mfano wangu wa hesabu tu. Baada ya siku 14 aliyekuwa AA ana bilioni 100, huyu wa AS ana kama milioni 780, ni chembe mbili katika kila elfu kumi. Kupunguza nusu kwa kila mzunguko kumeleta tofauti ya mara 128 kwa wiki mbili. Kinga ya mwili inapata muda wa kuwahi, mama anapata muda wa kuona homa na kumpeleka kituoni. Kwa hiyo si kwamba mlango umefungwa, kimelea kinaingia vizuri tu, kinachopungua ni kasi.

Na takwimu za watu halisi zinasema hivohivo. Antoni Alisoni, daktari aliyekulia Kenya, mwaka 1954 alichapisha majibu ya watoto 290 wa Uganda aliowapima damu. Kati ya watoto 43 wenye S, 12 walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasio na S, 113 walikuwa navyo. Kwa asilimia ni kama 28 kwa 46. Soma hizo namba vizuri, kinga inaonekana, lakini wale 12 nao wapo, walikuwa na S na walikuwa na malaria. Tafiti nyingi zilizofuata Afrika zimeonesha picha ileile kwa undani zaidi: AS inapunguza malaria kali, ile ya kulazwa na ya kuua, kwa karibu asilimia 90, malaria ya kawaida inaipunguza pia ila si kwa kiasi hicho, na kuwa na vimelea tu kwenye damu inazuia kidogo sana. Kwa hiyo AS lala ndani ya chandarua, homa ikija pima, ikikutwa malaria meza dozi yote kama mtu mwingine. Hata hiyo asilimia 90 haiko sawa kwa kila kimelea, mwaka 2022 ulitoka utafiti wa watoto wa Gambia na Kenya ukaonesha kuna vimelea vyenye mabadiliko fulani kwenye jeni zao ambavyo vinampata mtoto mwenye S bila kuzuiliwa sana. Vimelea navyo vinajifunza.

Tuje kwa SS, maana hapa ndo mzazi anapopotezwa. Mtu anawaza kama S moja inakinga basi mbili zinakinga mara mbili. Fikiria mwili wenyewe ulivyo. Chembe nyekundu ya kawaida inaishi siku kama 120, ya SS inaishi kati ya siku 10 na 20 tu. Kwa hiyo mtoto wa SS hata akiwa mzima kabisa himoglobini yake iko chini, mara nyingi kati ya 6 na 9, wakati mwenzake ana 11 na kuendelea. Malaria ikimshusha mtoto wa AA kwa gramu 3 anabaki na 8, anachoka ila anasimama. Ikimshusha mwenye 7 kwa gramu zilezile 3 anabaki na 4, huyo anahitaji damu leo. Alafu ile bandama niliyosema inamkamatia AS vimelea, kwa mtoto wa SS imeshaharibika mapema, chembe zilizojikunja zinaiziba tena na tena mpaka inasinyaa, wengi wao kabla ya miaka mitano haifanyi kazi tena. Na homa yenyewe, kuishiwa maji na asidi mwilini vinaamsha maumivu makali ya sikoseli juu ya malaria. Vimelea kwenye damu yake vinaweza kuwa vichache na bado akafa. Ndo maana watoto hawa hupewa dawa ya kuzuia malaria mfululizo kwa mpango wa kliniki, na homa yao ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo.

Kitu cha mwisho ni kipimo, maana nimeona watu wanajiita AS au SS kwa kipimo kisichoweza kusema hivo. Kuna kile cha haraka ambapo damu inawekewa kemikali ya kuondoa oksijeni alafu wanaangalia kama chembe zinajikunja au kama maji yanakuwa na ukungu. Hicho kinasema S ipo au haipo, basi, AS na SS wote wanatoka "chanya". Na kwa kichanga wa miezi michache kinaweza kutoka hasi wakati ni SS, kwa sababu bado ana himoglobini nyingi ya aina ile aliyokuwa nayo tumboni mwa mama. Kinachotenganisha ni kile cha elektroforesisi au vingine vinavyopima kiasi cha kila aina ya himoglobini, majibu yake yanaonesha A ni asilimia ngapi na S ni ngapi: ukiona A zaidi ya nusu na S kama 40 huyo ni AS, ukiona S ndo karibu yote na A haipo, na hajaongezewa damu miezi ya karibuni, huyo ni SS. Wenza wawili wakiwa AS wote, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto wa SS, na ni kila mimba upya, mtoto wa kwanza kuwa nao hakupunguzi kitu kwa wa pili.